Chupa ya 120 na chupa ya 250

Swali: "Dada mfamasia, shikamoo. Mwanangu mkubwa yuko darasa la kwanza, mdogo ndiyo kwanza anatembea. Nyumbani nina chupa mbili za parasetamoli ya maji, moja imeandikwa 120 na nyingine 250, na dukani nimeambiwa kijiko kimoja kwa kila mtoto. Hizo namba maana yake nini, na nikizichanganya usiku kuna hatari? Mama wawili, Tanga."

Marahaba, Mama wawili. Hatari ipo, na inaanzia kwenye hicho kijiko kimoja ulichoambiwa kwa wote. Nitakueleza kwa kisa. Baba wa kisa hiki nimemtunga mwenyewe, lakini hesabu zake ni za kweli na yaliyomkuta hutokea kwenye kaunta zetu.

Baba Rehema ni fundi ujenzi. Jioni hiyo alitoka saiti na viatu vyenye saruji, akaingia duka moja la dawa mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, kabla hajapanda daladala kurudi Mbagala. Mchana mkewe alikuwa amempigia: watoto wote wawili wanachemka. Amewapeleka zahanati, wamepimwa malaria, hakuna. Mganga amesema ni mafua, wanywe maji kwa wingi na parasetamoli ya kushusha homa. Picha ya vyeti alimtumia kwenye simu. Rehema, miaka saba, kilo 22. Juma, mwaka mmoja na miezi miwili, kilo 10. Chini ya kila jina maelekezo yaleyale: parasetamoli ya maji, 5 ml mara tatu kwa siku.

Cheti cha namna hiyo hakijakamilika, na ninaomba kila mzazi alijue hilo. Kimetaja mililita, yaani ujazo wa maji ya dawa, bila kutaja katika hayo maji mna dawa kiasi gani. Ni kumwambia mtu alete ndoo ya zege bila kumwambia mchanganyiko wake. Anayeuza atajaza pengo hilo kwa kukisia, na anayenywesha nyumbani hatajua kwamba kulikuwa na pengo.

Kijana wa kaunta alisoma umri, akageukia rafu, akaweka boksi mbili juu ya kioo. Kampuni moja, rangi moja, picha ileile ya mtoto anayecheka.

"Hii ya mkubwa, hii ya mdogo. Kijiko kimoja kimoja, asubuhi, mchana na jioni."

Kijana hakukosea. Kwa Rehema alitoa chupa ya 250, kwa Juma chupa ya 120, na kwa uzito wa watoto wale 5 ml ya kila chupa ilikuwa sawa kabisa. Wengi wangelipa na kuondoka. Lakini Baba Rehema ni mtu ambaye hanunui mfuko wa saruji bila kutazama kama ni 32.5 au 42.5, kwa kuwa mifuko yote ina kilo 50 na nguzo haijengwi kwa mazoea. Akazigeuza zile boksi, akaona maandishi madogo pembeni. Moja 120 mg/5 ml. Nyingine 250 mg/5 ml.

"Mdogo wangu, hizi hazifanani nguvu."

"Ndiyo, mzee. Ya mkubwa ina nguvu zaidi."

"Sasa usiku umeme umekatika, mama yao amechukua ya mkubwa akampa mdogo kijiko hichohicho. Itakuwaje?"

Kijana akasita, kisha akamwita mfamasia aliyekuwa ndani akihesabu mzigo. Nampenda kijana huyo kwa kumwita. Mfamasia, mama wa makamo, alikuja, akaomba kuona vyeti, akachukua kalamu na kugeuza boksi moja upande usio na maandishi.

"Baba, hebu sahau vijiko kwanza," alisema. "Mwili wa mtoto hauhesabu vijiko, unahesabu miligramu. Parasetamoli tunampa mtoto kati ya miligramu 10 na 15 kwa kila kilo yake moja, kwa mara moja. Huyu Juma ana kilo ngapi?"

"Kumi."

"Basi anahitaji kati ya 100 na 150. Chupa hii inasema katika kila mililita tano mna miligramu 120. Tano zinamtosha. Rehema ana 22, kwa hiyo anahitaji kati ya 220 na 330. Hii nyingine inasema katika mililita tano mna 250. Naye tano zinamtosha. Mganga kaandika tano kwa wote, na kila mmoja akipata chupa yake ni sawa."

"Na wakibadilishana?"

Akaandika mstari wa pili. Juma akipewa 5 ml ya chupa ya 250 amepata miligramu 250. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni 25 kwa kila kilo, karibu mara mbili ya anachostahili. Rehema akipewa 5 ml ya chupa ya 120 amepata miligramu 120, ambazo ni chini ya 6 kwa kila kilo, nusu tu ya kinachomfaa.

Niendelee mwenyewe hapa, Mama wawili, kwa sababu watu husikia "mara mbili" wakadhani mtoto atadhurika papo hapo. Kosa moja la namna hiyo halimdhuru mtoto mwenye afya. Sumu ya parasetamoli kwa dozi ya mara moja huanza kutuhangaisha ikifika kama miligramu 150 kwa kilo, mbali sana na 25. Shida ni kosa linalojirudia. Juma akinyweshwa chupa isiyo yake mara nne kwa siku amepata miligramu 1,000, yaani 100 kwa kila kilo. Akiendelea hivyo siku ya pili na ya tatu, tena akiwa mgonjwa asiyetaka kula, ini lake linaelemewa. Ini huivunja parasetamoli, na sehemu ndogo yake hugeuka kuwa kitu chenye sumu ambacho ini hukituliza kwa akiba yake maalumu. Mtoto aliyeshinda na njaa ana akiba kidogo. Dawa ikizidi siku baada ya siku, akiba inakwisha na sumu inabaki kuziunguza seli za ini.

Tena haipigi kelele. Siku ya kwanza unaweza kuona kichefuchefu, kutapika na uchovu tu, mambo ambayo mtoto mwenye homa anayo tayari. Maumivu chini ya mbavu za kulia huja baadaye, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, na macho ya njano mara nyingi huchelewa zaidi, ini likiwa limeshaumia. Mzazi anaona mtoto anazidi kuzorota, anadhani ni homa, anaongeza dawa ileile.

Kosa la upande wa Rehema linaonekana dogo lakini nalo lina njia yake ya kuharibu. Nusu dozi haishushi homa vizuri. Baada ya saa mbili mama anamgusa paji la uso, bado moto. Anampa tena. Saa mbili nyingine, tena. Au anampelekea bibi, na bibi naye anampa bila kujua kwamba ameshapewa. Hapo hakuna tena anayejua mtoto amepata kiasi gani, na kipimo cha saa ndicho cha kwanza kupotea. Kati ya dozi na dozi zipite saa nne kwa uchache, mimi hupenda sita, na zisizidi dozi nne katika saa 24, hata kama homa haijashuka.

Turudi kaunta. Baba Rehema alikuwa ameinamia ile hesabu.

"Sasa kwa nini wasitengeneze chupa moja tu, watu wakapumzika?"

Swali zuri, na limewahi kuulizwa na wakubwa. Chupa ya 250 ipo ili mtoto wa miaka sita kwenda juu asilazimike kumeza maji mengi matamu. Marekani walikuwa na shida kubwa zaidi ya yetu, kwa sababu matone ya watoto wachanga yalikuwa na nguvu mara tatu ya dawa ya maji ya watoto wakubwa, na wazazi walikuwa wakidhani dawa ya mtoto mchanga lazima iwe nyepesi. Mwaka 2011 watengenezaji wa huko walikubaliana kuyaacha matone hayo na kubaki na nguvu moja, 160 mg/5 ml. Kwa hiyo shangazi akikuletea chupa kutoka Marekani, hiyo ni namba ya tatu ndani ya nyumba yako, na haifanani na yoyote kati ya hizo mbili ulizonazo. Huku kwetu matone bado yanauzwa, mengi yakiwa na miligramu 100 katika kila mililita moja. Mililita moja, si tano. Kijiko cha 5 ml cha matone hayo ni miligramu 500, sawa na kidonge kizima cha mtu mzima.

Mfamasia alimjibu kwa kifupi, kisha akafanya jambo ambalo mimi naliona ndilo jibu la kweli kwa nyumba yenye watoto wawili. Alirudisha boksi ya 250 kwenye rafu.

"Nyumbani kwako iingie nguvu moja tu. Chukua chupa mbili za 120. Juma ni 5, Rehema ni 10. Kumi ya hii inampa miligramu 240, na hizo zinamtosha kwa kilo zake."

"Si itakuwa gharama zaidi?"

"Chupa zinaisha haraka zaidi, sikufichi. Rehema peke yake kwa mara tatu ni 30 ml kwa siku, na Juma 15. Chupa ya 100 ml wakishirikiana inawatosha siku mbili. Lakini siku mama yao akichanganya chupa usiku, atakuwa amechanganya kitu kilekile."

Yapo maduka ambayo hayatakushauri hivyo, na wapo wafamasia wenzangu wanaoona si lazima, mradi kila chupa iandikwe jina la mtoto. Ninawaheshimu, ila sikubaliani nao. Jina lililoandikwa kwa kalamu hufutika dawa ikichuruzika, na saa nane usiku hakuna anayesoma. Ukibaki na nguvu ile ndogo, kubadilisha chupa hakumzidishii mdogo dawa maradufu; kinachobaki kuangaliwa ni mililita za kila mtoto.

Jambo la pili lilikuwa kijiko chenyewe. Mfamasia alimuuliza wanatumia kipi. Baba akaonyesha kwa vidole: kile cha kulia wali. Kijiko hicho hubeba kama mililita 10 hadi 15 kikijaa. Fikiria chupa ya 250 na kijiko hicho: mililita 15 ni miligramu 750, na kwa Juma hiyo ni 75 kwa kila kilo katika mkupuo mmoja. Hicho ndicho kiwango ambacho hatutaki akizidishe kwa siku nzima. Vijiko vya chai navyo havilingani, vingine havifiki tatu na vingine vinapita sita. Mfamasia alitoa bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, akalizungushia kipande cha plasta kwenye mstari wa 5.

"Hapa ni Juma. Likijaa mpaka mwisho ni Rehema. Mpe mdomoni taratibu, upande wa shavuni, usilenge koo asije akapaliwa. Na chupa itikiswe kila mara."

Kutikisa si desturi tu. Dawa nyingi za aina hii ni unga uliosambaa ndani ya maji mazito, nao hutuama chini. Usipotikisa, juu unanywesha maji matamu na mwisho wa chupa unanywesha dawa nzito, na ile 120 iliyoandikwa pembeni haina maana tena.

Mfamasia aliuliza swali moja zaidi kabla ya kupokea pesa, nami natamani lingeulizwa kila kaunta. "Kuna dawa nyingine yoyote waliyokunywa tangu jana?" Baba hakujua. Akampigia mkewe.

"Mama Rehema, kuna dawa umewapa?"

"Ile ya mafua tu. Ya kikohozi na kamasi."

"Soma pembeni imeandikwa nini."

Kimya kidogo, kisha sauti ikaanza kusoma herufi moja moja. Katika orodha hiyo, jina la pili lilikuwa parasetamoli, miligramu 120 katika kila 5 ml. Mfamasia akaomba simu.

"Mama, pole na wagonjwa. Hiyo ya mafua iweke pembeni kabisa. Umewapa saa ngapi mara ya mwisho?"

"Saa kumi jioni, dada."

"Sasa ni saa moja na nusu. Hii mpya usiwape mpaka saa nne usiku. Wakati huo wanywe maji, uji mwepesi, wapunguze nguo. Na huyo mdogo, dawa za mafua za mchanganyiko usimpe tena, hazimsaidii."

Nilichokipenda kwenye kisa hiki hata nilipokuwa nikikitunga ni kwamba kila mtu alifanya kazi yake karibu vizuri. Mganga alipima malaria. Kijana alitoa chupa sahihi. Mama alitafuta dawa. Na bado, bila yule baba kusoma pembeni mwa boksi, Juma angekuwa usiku ule na parasetamoli kutoka chupa mbili, pengine tatu.

Sasa nyumbani kwako, Mama wawili. Mpime mdogo uzito, au tazama kadi yake ya kliniki kama amepimwa karibuni. Zidisha kilo zake kwa 10, kisha kwa 15. Namba mbili utakazopata ni miligramu za dozi moja, chini kabisa na juu kabisa. Kisha soma chupa ya 120 na uone ni mililita ngapi zinaangukia katikati ya namba hizo. Kwa kilo 8 ni kati ya 80 na 120, kwa hiyo 4 ml, ambayo ni miligramu 96, inafaa. Kwa kilo 12 ni kati ya 120 na 180, kwa hiyo 6 ml, ambayo ni 144. Mkubwa mfanyie vivyo hivyo kwa chupa hiyohiyo. Ile ya 250 ikiwa haijafunguliwa, uliza dukani kama watakubadilishia. Ikiwa imefunguliwa, mimi ningeitoa nyumbani. Hesabu hii si ya mtoto aliye chini ya miezi mitatu. Mwenye homa katika umri huo anaenda hospitali kwanza, bila kusubiri dawa ishushe joto.

Na kama umeshachanganya kabla hujaandika swali hili? Ikiwa ni mara moja, kwa kijiko cha 5 ml, na mdogo ana kilo zinazokaribia 10, usimpe nyingine mpaka zipite saa nane, kisha urudi kwenye dozi yake. Ikiwa imejirudia kwa siku nzima au zaidi, au hukumbuki umempa mara ngapi, au alipata kijiko kikubwa cha chupa ile ya 250, au ameinua chupa na kunywa mwenyewe, mpeleke hospitali leo hata kama anacheza. Usimtapishe. Ipo dawa ya kulinda ini, asetilsisteini, na baada ya mtoto kunywa kiasi kingi kwa mkupuo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane. Beba chupa zote mbili pamoja na ya mafua kama ipo, na andika kwenye karatasi saa za kila dozi unayoikumbuka. Daktari atataka kujua kwanza ni miligramu ngapi, na jibu lake liko kwenye chupa hizo na hiyo karatasi.